Watu wa Masasi hawakupungua: uchambuzi wa kisa cha mpaka uliogawanyika ndani ya dashibodi ya ramani

Katika kikao cha mapitio ya mipango kilichofanyika Mtwara mjini, ramani ya mkoa niliyoitayarisha ilionyeshwa ukutani mbele ya madiwani na maofisa. Ilikuwa sehemu ya dashibodi inayosasishwa kila takwimu mpya zinapopatikana, na siku hiyo ilionyesha badiliko la idadi ya watu kati ya Sensa ya mwaka 2002 na ile ya mwaka 2012. Newala, Tandahimba na Mtwara zilikuwa za kijani. Masasi ilikuwa nyekundu iliyokolea, na maandishi yaliyojitokeza juu yake yalisema kwamba watu walipungua kutoka 442,573 hadi 247,993, yaani kwa asilimia 44. Pembeni yake, Nanyumbu na Mji wa Masasi zilikuwa za kijivu, rangi tuliyoiweka kwa maeneo yasiyo na takwimu. Diwani mmoja mtu mzima, mwenyeji wa huko, aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: “Mwanangu, hao watu wa Masasi wamekwenda wapi?”

Hapakuwa na namba hata moja iliyokosewa. Zote mbili zinapatikana katika majedwali ya sensa kama zilivyochapishwa. Kosa lilikuwa katika kitendo cha kuzitoa moja kwa nyingine, kwa sababu Masasi ya jedwali la kwanza na Masasi ya jedwali la pili ni maeneo mawili tofauti yanayotumia jina moja. Kati ya sensa hizo mbili, upande wa magharibi wa wilaya ulikatwa ukawa Wilaya ya Nanyumbu, na mji wenyewe ukapewa halmashauri yake. Dashibodi iliunganisha takwimu na ramani kwa kutumia jina, ikakuta neno “Masasi” pande zote mbili, ikaridhika.

Jambo la kwanza nililolifanya nilipotoka kikaoni lilikuwa kuangalia jumla ya mkoa. Mwaka 2002 Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,128,523, na mwaka 2012 ulikuwa na 1,270,854, ongezeko la asilimia 12.6. Kama kweli Masasi ingepoteza watu 194,580, wilaya nyingine zingelazimika kupokea wimbi ambalo lingeonekana waziwazi katika takwimu zao. Hazikulipokea: Tandahimba iliongezeka kwa asilimia 11.2, Mtwara Vijijini kwa 11.3, Newala kwa 11.7, na Manispaa ya Mtwara, ambayo kama mji ulitarajiwa kukua haraka zaidi, kwa asilimia 17. Jumla ikipanda kwa utulivu huku eneo moja likiporomoka, na wakati huohuo kukiwa na majina mapya yasiyo na historia, mtayarishaji wa ramani aanze kuushuku mpaka kabla ya kuwashuku watu.

Kisha nikajumlisha vipande. Halmashauri ya Wilaya ya Masasi ilikuwa na watu 247,993, Mji wa Masasi 102,696, na Nanyumbu 150,857. Ukiviweka pamoja unapata 501,546. Hii ndiyo namba inayopaswa kukaa mkabala na 442,573 ya mwaka 2002, na tofauti yake ni ongezeko la asilimia 13.3, linalofanana na yale ya majirani. Watu hawakwenda popote.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna utata ambao wengi huuruka. Mtu akiuliza watu wa Masasi mwaka 2012 walikuwa wangapi, kuna majibu matatu na yote ni sahihi. Akimaanisha halmashauri ya wilaya, ni 247,993. Akimaanisha wilaya, ile iliyo chini ya mkuu wa wilaya, ni 350,689, kwa kuwa Mji wa Masasi una halmashauri yake lakini bado umo ndani ya Wilaya ya Masasi. Akimaanisha Masasi kama ilivyokuwa mwaka 2002, ni 501,546. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema “wilaya” kwa maana zote tatu na tunaelewana, kwa sababu msikilizaji hujaza maana kutokana na muktadha. Dashibodi haina muktadha wa kujazia. Yetu ilikuwa na safu iliyoitwa “wilaya” ambayo ndani yake mlikuwa na halmashauri, na nadhani hilo lilikuwa kosa la zamani zaidi kuliko lile la kuunganisha kwa majina, kwani ndilo lililotufanya tusione kwamba kulikuwa na ngazi mbili.

Kwa hiyo marekebisho yalianza na msimbo. Kila eneo lilipewa msimbo wetu wenyewe pamoja na tarehe mbili: siku ambayo mpaka huo ulianza kutumika na siku ulipokoma. Kanuni tuliyoifuata ni kwamba eneo likibadilika mpaka, msimbo wake unafungwa na mwingine unafunguliwa, hata kama jina limebaki lilelile. Masasi ya kabla ya mgawanyo ikawa `MAS1`, Masasi iliyobaki ikawa `MAS2`, Mji ukawa `MASTC` na Nanyumbu `NANY`. Kanuni ya pili ni kinyume chake: jina likibadilika lakini mpaka usiguswe, msimbo haubadiliki, jina jipya linaandikwa katika safu ya majina na mambo yanaendelea. Hizi kanuni mbili zinaonekana ndogo, lakini bila ya kwanza kosa la Masasi litarudi, na bila ya pili mfululizo wa takwimu utakatika bila sababu.

Baada ya misimbo tulitengeneza jedwali la uhusiano, ambalo kazi yake ni kusema kila msimbo ni sehemu ya kundi gani la kudumu. Kundi la kudumu ni eneo dogo kuliko yote ambalo mpaka wake wa nje haukuguswa katika kipindi chote tunachotaka kulinganisha. Kwa miaka ya 2002 na 2012, misimbo minne ya Masasi yote inaingia katika kundi moja, tuliloliita `KUNDI_MASASI`. Tandahimba, ambayo haikuguswa katika kipindi hicho, ni kundi la eneo moja. Dashibodi sasa haisomi jina kabisa. Inajumlisha kwa kundi:

```sql
SELECT u.kundi, t.mwaka, SUM(t.idadi) AS idadi
FROM takwimu t
JOIN uhusiano u
  ON u.msimbo = t.msimbo
 AND t.tarehe >= u.kuanzia
 AND (u.kuishia IS NULL OR t.tarehe < u.kuishia)
GROUP BY u.kundi, t.mwaka;
```

Masharti ya tarehe yana kazi moja mahususi. Inatokea mtu akaingiza takwimu za mwaka 2012 kwa msimbo wa `MAS1`, ambao ulikwisha kufungwa. Bila sharti hilo, namba itajumlishwa kimyakimya. Kwa sharti hilo inaachwa nje, na jumla ya mkoa inapungua, jambo ambalo ukaguzi wa jumla utalikamata kabla ramani haijatoka.

Njia hii ya makundi ni salama, lakini ina gharama, na diwani yule aliigusa katika kikao kilichofuata. Aliiona ramani mpya, Masasi ikiwa kijani kama nyingine, akasema imekaa sawa, lakini akauliza kwa nini Nanyumbu haionekani peke yake, ilhali wana bajeti yao na shule zao. Swali lilikuwa la haki. Kundi la kudumu huficha kipande kilekile ambacho watu wake waliomba wilaya ili kionekane.

Jibu la haraka, ambalo nimeliona katika dashibodi kadhaa, ni kuigawa ya zamani kwa uwiano wa mpya. Mwaka 2012 Nanyumbu ilikuwa na asilimia 30.08 ya watu wa kundi zima. Basi tunachukua asilimia hiyohiyo ya 442,573 na kusema kwamba mwaka 2002 eneo la Nanyumbu lilikuwa na watu 133,119. Mji unapata 90,621 na Masasi iliyobaki 218,833, na jumla inarudi 442,573 bila kasoro. Tatizo linaonekana pale unapokokotoa ongezeko. Nanyumbu imeongezeka kwa asilimia 13.3. Mji wa Masasi, asilimia 13.3. Masasi vijijini, asilimia 13.3. Namba hizi hazikupimwa na mtu yeyote. Zimetokana na kanuni yenyewe, ambayo imelazimisha vipande vyote vikue kwa kasi moja. Ramani ya ukuaji iliyochorwa hivyo inamwambia mtazamaji kwamba mji na vijiji vya bonde la Ruvuma vilikua sawasawa, na hilo ni jambo ambalo takwimu hizo haziwezi kulijua. Anayetaka kugundua kama dashibodi fulani imetumia njia hii na atazame kama vipande vya eneo lililogawanywa vina ongezeko linalolingana hadi desimali. Maumbile hayafanyi hivyo.

Kugawa kwa ukubwa wa ardhi ni kubaya zaidi kwa mahali kama hapa. Mji una ardhi ndogo na watu waliobanana, Nanyumbu ina ardhi pana na vijiji vilivyotawanyika, kwa hiyo kipimo cha kilomita za mraba kingewatoa watu mjini na kuwapeleka porini. Njia hiyo inafaa kwa vitu vinavyoenea juu ya ardhi kwa usawa, kama eneo la msitu, na hata huko kwa tahadhari.

Njia iliyofaa ilikuwa ya polepole: kushuka hadi kata. Sensa huchapisha idadi ya watu kwa kata, na wilaya mpya kwa kawaida huundwa kwa kuchukua kata nzima. Kwa hiyo unachukua orodha ya kata za Masasi za mwaka 2002, unaweka alama kwenye zile zilizokwenda Nanyumbu na zile zilizobaki, kisha unajumlisha. Hapo unapata idadi ya mwaka 2002 ndani ya mpaka wa sasa, iliyohesabiwa na watu waliopita nyumba kwa nyumba, bila uwiano wa kubuni. Ugumu ni kwamba kata nazo hugawanywa, na mara nyingi zaidi kuliko wilaya. Jina la kata lisiloonekana katika orodha ya zamani mara nyingi si kosa la uchapaji, ni kata iliyozaliwa kutoka kwa nyingine, na kuitambua mama yake kunahitaji tangazo la Gazeti la Serikali au mtendaji anayezikumbuka kata hizo kabla hazijagawanywa. Pale kata mbili mpya zilizotokana na moja zilipobaki upande uleule wa mpaka wa wilaya, hatukuhangaika nazo, kwa kuwa jumla haibadiliki. Tulihangaika tu na zile zilizo kwenye mstari.

Mpaka hapa nimezungumzia idadi, ambayo angalau inaweza kujumlishwa. Viwango vya asilimia vina mtego wao. Halmashauri ya Mji wa Nanyamba ilipotolewa katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara mwaka 2015, vituo vya afya vya Nanyamba vilianza kuripoti watoto waliochanjwa chini ya halmashauri mpya. Lakini idadi ya watoto waliotarajiwa wakati huo ilitoka katika makadirio yaliyojengwa juu ya Sensa ya mwaka 2012, ambayo haikuwa na Nanyamba ndani yake. Kama mtayarishaji hakuyagawa makadirio siku ileile alipoigawa ramani, juu ya mstari wa sehemu, yaani kwa waliochanjwa, Mtwara Vijijini imepoteza watoto, na chini ya mstari, kwa wanaotarajiwa, imebaki nao. Kiwango cha chanjo kinaanguka katika mwezi mmoja. Dalili yake ni hiyo: anguko la ghafla linaloanza mwanzoni mwa kipindi cha taarifa, linalotokea kwa viashiria vyote vya mtindo huo kwa pamoja, chanjo, mahudhurio ya kliniki, uandikishaji wa shule. Ugonjwa au uhaba wa dawa haushushi viashiria vyote kwa kiasi kilekile kwa siku moja.

Katika hali hiyo kundi la kudumu hufanya kazi, ila lazima ujumlishe juu ya mstari peke yake na chini ya mstari peke yake, kisha ndipo ugawanye. Wastani wa asilimia za halmashauri mbili si asilimia ya eneo lao la pamoja, isipokuwa zikiwa na idadi sawa ya watoto. Kwa sababu hiyo dashibodi yetu haihifadhi asilimia. Inahifadhi namba mbili na kukokotoa wakati wa kuonyesha.

Jirani zetu wa Lindi walitupa mtihani wa aina nyingine, ambao ni kuhama na kuunganishwa. Baadhi ya kata za Halmashauri ya Wilaya ya Lindi zilihamishiwa Manispaa ya Lindi, na halmashauri iliyobaki ikaitwa Mtama. Hapa jina limebadilika na mpaka umebadilika kwa pamoja, kwa hiyo anayeandika kwamba Mtama ni jina jipya la Lindi Vijijini amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoharibu ramani. Manispaa itaonekana imefurika watu, Mtama itaonekana imekimbiwa. Mwaka 2012 manispaa ilikuwa na watu 78,841 na Lindi Vijijini 194,143. Kundi la kudumu ni jumla yao, 272,984, na hiyo ndiyo namba ya kuanzia kwa ulinganisho wowote na Sensa ya mwaka 2022. Anayetaka kuziona mbili hizi kwa kutengana hana budi kushuka hadi kata, kama tulivyofanya Nanyumbu.

Wanaotumia DHIS2, ambao ni mfumo uliozoeleka katika taarifa za afya nchini, wana amri zilizotengenezwa kwa ajili ya mambo haya, nazo zinahitaji kusomwa kwa makini. Ukiligawa eneo kwa `/api/organisationUnits/split`, historia yote huhamia katika eneo moja ulilolitaja kama `primaryTarget`, haigawanywi. Ukiunganisha kwa `/api/organisationUnits/merge` na kuchagua `LAST_UPDATED`, pale maeneo mawili yanapokuwa na thamani ya kiashiria kimoja kwa kipindi kimoja, inabaki ile iliyosasishwa mwisho. Hazijumlishwi. Kwa anayefuta kituo kilichoandikishwa mara mbili, huo ni utaratibu mzuri. Kwa anayeunganisha maeneo mawili yaliyokuwa na wagonjwa tofauti, wagonjwa wa upande mmoja wamefutika, na hakuna ujumbe wowote utakaomwambia. Sisi tuliamua kutozitumia kwa halmashauri zenye historia. Tuliyafunga maeneo ya zamani kwa tarehe, tukafungua mapya, na kuuacha ujumlishaji ufanywe na jedwali la uhusiano nje ya mfumo.

Kwa upande wa mwonekano tulibadilisha mambo mawili tu. Tuliacha kuiruhusu programu ichague madaraja ya rangi upya kila takwimu zinaposasishwa, kwa kuwa eneo likiongezeka au kupungua, madaraja husogea na wilaya ambayo haikubadilika kwa lolote hujikuta na rangi nyingine. Madaraja sasa yameandikwa kwa mkono na hayaguswi. Pia tabaka la mipaka linachaguliwa kwa tarehe: anayetazama mwaka 2002 huiona Masasi moja nzima, anayetazama mwaka 2012 huviona vipande vitatu, na anayetazama badiliko kati yake huliona kundi, likiwa na mstari mwembamba wa mipaka ya ndani na maelezo ya nini kiligawanywa.

Ukaguzi kabla ya kutoa ramani ni mfupi. Jumla ya makundi lazima ilingane na jumla ya mkoa iliyochapishwa, mtu kwa mtu: 1,270,854, si 1,270,000 na kitu. Hakuna msimbo wa takwimu unaoruhusiwa kukosa kundi. Na eneo lolote lililobadilika kwa zaidi ya robo kati ya sensa mbili linasimamisha kazi hadi mtu amelisoma tangazo la mipaka na kuandika jina lake pembeni. Sharti hili la mwisho lingeisimamisha ramani ya kwanza. Kabla ya kuliweka tulijiuliza kama lingetuchelewesha, na hadi sasa limetusimamisha mara chache, kila mara kwa sababu ya mpaka.

Kuhusu Nanyumbu, nilirudi kwa diwani na jedwali la kata. Kata nyingi tuliziweka upande wake bila shaka yoyote. Zilibaki chache karibu na mstari ambazo hatukuweza kuthibitisha vijiji vyake vilikuwa upande gani mwaka 2002, na hizo tuliziacha na mistari ya mshazari kwenye ramani badala ya rangi. Alizitazama, akaweka kidole juu ya moja, akaniambia niende nikaonane na mtendaji wa zamani wa kata hiyo, kwani yeye ndiye aliyetembea na watu wa ardhi siku mipaka ilipopimwa.